Kikombe Kisafi Kwanza, Logo Baadaye

Kuna kitu nimekuwa nikiona sana kwa stetasi za watu wa mtaa. Mkahawa mpya umefunguliwa, tuseme Umoja ama Donholm, na kabla hata jiko halijawashwa vizuri kuna picha kali imepostiwa: kikombe cha kahawa, boksi la burga na mfuko wa kaki, vyote vina logo, taa ni kama za studio. Ukiangalia haraka unasema hawa watu wako na doh. Sasa zumu hiyo picha. Soma jina herufi kwa herufi. Mara nyingi utapata kwa kikombe limeandikwa hivi, kwa boksi limepungua herufi moja, na kwa mfuko kuna alama ambayo si ya lugha yoyote duniani.

Wengi hucheka na kusonga mbele. Mimi naona hapo kuna shida ya pesa, juu picha kama hiyo siku hizi haiishii kwa stetasi. Inapelekwa kwa mtu wa kuprinti.

Acha niwape kesi moja. Kuna mama ana mkahawa mdogo Umoja, si mbali na steji. Asubuhi ni chai, kahawa na mandazi, jioni ni chipsi na kuku. Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ianze tarehe 28 Agosti 2017, chipsi zake amekuwa akizifunga kwa mfuko wa kaki usio na jina, kama kila mtu. Mwaka huu zamu yake ya chama ilifika, na akaamua hiyo pesa yote iende kwa vikombe, maboksi na mifuko yenye jina lake. Kijana mmoja wa hapo karibu akamtengenezea picha kwa AI. Picha ilikuwa tamu kweli. Mama akaniita nimsaidie tu kuituma taoni kwa watu wa kuprinti, juu Ijumaa alikuwa analipa diposti.

Logo yake ni rahisi: duara la kijani, ndani kuna sufuria, juu ya sufuria kuna mistari 3 ya mvuke, na chini jina la maneno mawili kwa maandishi meupe. Kwa ile picha, kikombe kilikuwa na mistari 4 ya mvuke. Boksi lilikuwa na sufuria isiyo na mkono mmoja. Mfuko ulikuwa na jina lake, lakini neno la pili lilikuwa limekosa herufi "a". Nikamwonyesha. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwani kijana wangu, hiyo kompyuta haikuona logo yangu? Si ilipewa?"

Ilipewa. Na hapo ndipo watu wengi hukwama. Tunadhani ukiipa AI ya picha logo yako, inaichukua na kuibandika, vile wewe hubandika stika kwa laptopu. Haibandiki. Inachora picha nzima upya, pikseli kwa pikseli, ikikisia kitu kinachofanana na ulichoonyesha. Kikombe ikikisia vibaya hutajua, juu vikombe vyote duniani vinakaribiana. Logo ni kinyume: ni moja tu, na ikibadilika mstari mmoja si yako tena. Ndiyo maana kivuli kinatoka safi, mvuke wa kahawa unatoka safi, lakini jina ndilo linaharibika. Matoleo mapya ya Gemini, ChatGPT na Midjourney yamekuwa bora kwa maandishi kuliko yale ya miaka michache iliyopita, sikatai. Lakini bora si sawasawa, na printa haiprinti "karibu sawa" bila kukulipisha.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: AI ichore kikombe, wewe uweke logo. Prompti yako isiwe na logo kabisa. Kazi yake ni kukupa kikombe kisafi, boksi safi na mfuko safi, vimesimama vile unavyotaka, na nafasi ya logo iko wazi mbele ya kamera. Logo halisi, ile faili yenyewe, unaiweka kwa mkono wako.

Tuanze na kikombe, juu ndicho kinasumbua zaidi. Hii ndiyo prompti niliyotumia kwa kazi ya mama:

```
Product photo of one plain white unprinted 8 oz paper
cup with a black lid, no sleeve. Camera straight on, at the
height of the middle of the cup. Vertical seam hidden
at the back. Smooth matte surface, soft light from the
left, plain light grey background. Cup fills 70% of frame.
```

Kila sehemu hapo iko na sababu. "Plain white unprinted" inaeleza kikombe kilivyo. Wengi huandika "no logo, no text", na wanashangaa wakipata logo. Programu nyingi za picha zinashika neno "logo" kuliko zinavyoshika "no", kwa hivyo ni afadhali useme unachotaka kuona kuliko usichotaka. Kamera iko usawa wa katikati ya kikombe juu hapo ndipo logo itakaa, na mahali kamera inapoangalia moja kwa moja ndipo mistari haipindi sana. Mshono uko nyuma juu kila kikombe cha karatasi kina mshono mmoja wima, pale karatasi ilipokunjwa ikashikana, na hutaki kuonyesha mteja logo imekaa juu ya mshono wakati kikombe cha ukweli hakitakuwa hivyo. Na hakuna ule mkanda wa kuzuia joto, juu mkanda ukiwepo unafunika katikati yote. Kama mkahawa utatumia mkanda, basi logo iende kwa mkanda, na prompti iseme hivyo. Amua moja.

Toa picha kama nne hivi, uchague. Usichague yenye mwanga mzuri zaidi. Chagua yenye umbo la ukweli: pande mbili za kikombe ziwe mistari iliyonyooka, zikaribiane zikishuka, na kitako kikae chini kama kitu chenye uzito. Kikombe kikiwa kimepinda upande mmoja, logo utakayoweka itaonekana imelewa, na hutajua kwa nini.

Sasa kuweka. Si lazima uwe na Photoshop. Photopea iko bure kwa brauza, hata kwa laptopu ya saiba inafanya. Fungua picha ya kikombe, halafu lete logo kwa `File > Open & Place`. Logo iwe PNG isiyo na mandharinyuma, ama SVG ukiwa nayo. Ipunguze, iweke katikati, kisha nenda `Edit > Transform > Warp` uipinde ifuate mviringo wa kikombe.

Ipindike kiasi gani? Hapa watu hukisia, na hakuna haja. Kikombe chenyewe kinakuambia. Angalia ukingo wa chini wa kifuniko na ukingo wa kitako. Kamera ikiwa juu kidogo ya kikombe, kingo zote mbili za mbele zinashuka katikati kama tabasamu, na jina lako pia lazima litabasamu. Kamera ikiwa usawa wa katikati, ukingo wa juu unapinda kuelekea juu kidogo, wa kitako unapinda kuelekea chini, na pale katikati mstari uko karibu kunyooka. Kitu kilicho kati ya kingo mbili kinapindika kati ya mipindo miwili. Ukiona jina limenyooka kama rula huku kitako kinatabasamu, hiyo ni stika inayoelea hewani, na jicho la kila mtu litaikataa hata kama hawezi kueleza.

Halafu ukubwa. Kikombe cha aunsi 8, kile kidogo cha kawaida, kina mdomo wa karibu milimita 80, kitako cha karibu 56 na urefu wa karibu 92. Katikati hapo upana ni karibu milimita 68, kwa hivyo ukizungusha futi ya fundi wa nguo unapata karibu milimita 214. Lakini jicho likiwa mbele haliwezi kusoma hizo zote. Nusu iko nyuma, na za pembeni zinageuka zikitoroka. Mimi hutumia robo ya mzunguko, ambayo hapa ni milimita 53 hivi. Yaani logo ya upana wa sentimita 5 inasomeka yote mara moja bila mtu kuzungusha kikombe. Ukiipanua hadi sentimita 8 kwa sababu inapendeza kwenye skrini iliyolala, mtu wa mezani atasoma katikati ya jina tu. Kwa majina yetu mengine, katikati ya jina ni neno lingine kabisa.

Hatua ya mwisho kwa kikombe ni moja na ni ndogo: badilisha leya ya logo kutoka `Normal` kwenda `Multiply`. Hapo rangi ya logo inachanganyika na karatasi iliyo chini yake, kivuli cha kulia na mwanga vinapita juu ya logo, na inaacha kuonekana imebandikwa.

Hii `Multiply` ndiyo ilimwokoa mama kwa mfuko. Nilipoweka logo yake kwa mfuko wa kaki nikabadilisha leya, yale maandishi meupe ndani ya duara la kijani yakageuka kahawia. Mama akasema, "Umeharibu." Nikamwambia hapana, hivyo ndivyo utapata. Printa ya kawaida haina wino mweupe. Nyeupe kwa faili ni mahali ambapo hakuna wino, na pasipo na wino unaona karatasi. Kwa kikombe cheupe unaona nyeupe. Kwa kaki unaona kaki. Wino mweupe upo, ila unauitisha na unaulipia kando. Kijani chake pia kilikuwa kimekuwa kizito, juu kilikaa juu ya kahawia. Ile picha ya kwanza ya AI ilikuwa na nyeupe inang'aa juu ya kaki, na hapo ingemfanya alipie kitu kisichokuja.

Tukafanya toleo la pili la logo kwa ajili ya mfuko tu: hakuna duara lililojazwa, ni sufuria, mvuke na jina kwa mistari ya kijani kibichi kizito, rangi moja. Ukiangalia mifuko ya kaki inayopendeza mjini, mingi ni hivyo. Rangi moja nzito, basi.

Na kabla hatujaacha mfuko, fikiria vile unavyotumika hapa kwetu. Kwenye picha za AI mfuko husimama wima, mdomo wazi, mikono imekaa poa. Mfuko wa chipsi wa Umoja hauna mikono. Muuzaji anautia chipsi, anakunja mdomo mara mbili, anakupa. Logo ikiwa juu, imekunjwa na jina limeingia ndani. Ikiwa chini sana, inaangukia kwa mkunjo wa kitako na inafutika na mafuta. Nafasi yake ni uso wa mbele, chini kidogo ya katikati, na isifike kwa mikunjo ya pembeni, juu mfuko ukijaa hiyo mikunjo inafunguka na kuvuta picha. Kwa hivyo prompti yangu ilisema mfuko uliokwisha kukunjwa:

```
Plain brown kraft paper bag, unprinted, no handles,
filled with food, top edge folded over twice. Front panel
flat and facing the camera, side folds visible. Eye
level, soft daylight, wooden counter.
```

Boksi ni rahisi kupinda lakini ni rahisi pia kugeuza. Mfuniko wa boksi la burga ama kuku una upande wa bawaba na upande wa kufungulia, ule wenye ulimi. Mtu anapokula, ulimi uko kwake na bawaba iko mbali. Logo isomeke kutoka upande wa ulimi. Picha nyingi za AI zinaweka boksi kwa pembe ya kupendeza bila kujali bawaba iko wapi, dizaina anaweka logo isomeke kwa kamera, na vikija vimeprintiwa kila kastoma anafungua chakula chake jina likiwa juu chini. Tibu hiyo kwa prompti:

```
Plain white unprinted takeaway box, closed, front
tab facing the camera, hinge at the back. Camera
45 degrees above, whole lid visible, no crop.
```

Kwa boksi usitumie `Warp`. Mfuniko ni bapa, kwa hivyo unatumia `Edit > Transform > Distort`. Ila usivute pembe za logo yenyewe kwa kukisia. Kwanza weka logo katikati ya mraba mtupu wenye vipimo vya mfuniko, halafu vuta pembe 4 za ule mraba zikae kwa pembe 4 za mfuniko. Logo itafuata yenyewe, upande wa mbali utakuwa mdogo na wa karibu mkubwa, vile inafaa.

Najua kuna mtu anasema, "Buda, hiyo kazi yote ya nini na AI inaweza kuhariri picha ukiipatia logo?" Inaweza, na kwa picha ya mtu ameshika kikombe kwa mkono, vidole vimefunika nusu ya jina, mimi pia hutumia hiyo njia, juu kupindisha logo nyuma ya vidole ni kazi ya usiku mzima. Lakini hiyo ni picha ya tangazo. Na hata hapo kuna kipimo: zumu hadi asilimia 200, weka logo halisi kando, soma herufi moja moja ukianzia mwisho wa neno kurudi mwanzo. Ukisoma kawaida ubongo unajaza herufi isiyokuwepo, juu tayari unajua jina. Halafu hesabu vitu vinavyohesabika. Kwa logo ya mama nilikuwa nahesabu mvuke: 1, 2, 3. Ikiwa 4, tupa.

Kitu ambacho usifanye ni kutuma mokapu yoyote, hata hii yangu, kama faili ya kuprinti. Kikombe hakiprintiwi kikiwa kikombe. Kinaprintiwa kikiwa karatasi bapa, halafu inakatwa na kukunjwa. Na kwa sababu mdomo ni mpana kuliko kitako, ile karatasi si mstatili, ni kipande cha pete, kama feni ya mkono. Kwa kile kikombe cha aunsi 8, ukifungua mshono unapata mzunguko wa juu wa karibu milimita 251 na wa chini wa karibu 176, na hiyo tofauti ndiyo inaipinda. Jina lililonyooka kwenye mstatili likienda kwa kikombe linapanda pembeni ama linashuka. Kila printa ana kiolezo chake chenye hiyo pinde, kimeonyesha mshono na sehemu za kukata. Kiitishe kabla hujalipa chochote, uweke ndani yake logo yenye mistari ya vekta, si picha ya skrini. Mokapu inaenda pamoja nayo ikiwa na kazi moja tu: kuonyesha logo ikae wapi na iwe kubwa kiasi gani. Andika hizo namba kando: upana sentimita 5, katikati, mkabala na mshono.

Mama hakulipa diposti ile Ijumaa. Alilipa wiki iliyofuata, baada ya jaribio ambalo halihitaji hata intaneti. Tuliprinti logo kwa A4 ya kawaida, saizi ya ukweli, tukaikata, tukaibandika kwa selotepu kwa kikombe cheupe na kwa mfuko wa kaki. Kikombe tukakiweka kaunta, na mimi nikasimama nje kwa mlango, pale watu wa kutoka steji hupita. Jina lilisomeka. Mfuko tukautia chipsi za shilingi 100, mama akaukunja mdomo vile yeye hukunja siku zote, bila kufikiria. Logo ikabaki nje yote.

Akaangalia, akasema, "Shusha kidogo tena." Tukashusha sentimita moja. Mkono wake unakunja zaidi ya nilivyokuwa nimechora, na hiyo hakuna prompti ingeniambia.